Kazi ya Jumapili Inayosifiwa kwa Tija Isiyo Yake

Kwenye seva nyingi za SQL Server kuna kazi ya ratiba ambayo hakuna anayeihoji. Usiku wa Jumapili inaanza yenyewe, inapima mtawanyiko wa kila indeksi, kisha inafuata kanuni ambayo kila msimamizi wa kanzidata anaijua kwa moyo: chini ya asilimia 5 iache, kati ya 5 na 30 ipange upya kwa REORGANIZE, juu ya 30 ijenge upya kwa REBUILD. Kanuni hii imo katika vitabu vya mafunzo na katika maswali ya usaili wa kazi, na skripti mashuhuri ya bure ya Ola Hallengren inaibeba kama mpangilio wake wa awali. Msimamizi asiye na ratiba hiyo huonekana mzembe. Ninapinga mtazamo huo. Kwa indeksi nyingi kazi hiyo haina faida inayopimika, gharama yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, na kasi inayoonekana Jumatatu asubuhi kwa kawaida imetokana na jambo jingine ambalo lingeweza kufanywa kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo.

Tuanze na namba zenyewe, kwa sababu nguvu yote ya kanuni imo humo. Paul Randal, aliyekuwa mhandisi wa Microsoft na mwandishi wa amri ya DBCC INDEXDEFRAG iliyotoka na SQL Server 2000, ameeleza hadharani zilikotoka. Wateja walitaka kuambiwa waanzie wapi, naye akatoa makadirio ya jumla, pamoja na lile la kutojali indeksi yenye kurasa pungufu ya 1000. Hayakuwa matokeo ya vipimo vya mifumo mingi, na tangu mwanzo alisisitiza kwamba kila mtu ayarekebishe kulingana na mfumo wake. Makadirio hayo yakaingia katika nyaraka rasmi, nyaraka zikazaa skripti, na skripti zikazaa desturi. Tangu hapo diski, ukubwa wa kumbukumbu za seva na namna ya kuhifadhi data vimebadilika kabisa. Nyaraka za sasa za Microsoft zenyewe zinaonya kwamba tusidhani utunzaji wa indeksi utaleta nafuu kila mara, na zinashauri kupima athari yake kwenye mfumo husika. Desturi haikufuata onyo hilo.

Mkanganyiko unaanzia kwenye kipimo. Neno mtawanyiko linafunika mambo mawili tofauti. SQL Server huhifadhi data katika kurasa za kilobaiti 8. Jambo la kwanza ni mpangilio: ukurasa unaofuata kwa mantiki ya ufunguo hauko jirani kwenye faili, na hilo ndilo linalopimwa na safuwima iitwayo `avg_fragmentation_in_percent`. Jambo la pili ni ujazo: ni kiasi gani cha kila ukurasa kina data na kiasi gani ni kitupu, na hilo liko katika `avg_page_space_used_in_percent`. Kanuni ya 5 na 30 inaangalia la kwanza peke yake. Baya zaidi, upimaji wa kawaida hutumia hali ya LIMITED, ambayo haifungui kurasa za majani, kwa hiyo safuwima ya ujazo inarudi ikiwa NULL. Maelfu ya seva zinafanyiwa kazi kila wiki kwa kufuata kipimo kimoja, huku kipimo chenye uzito zaidi hakijawahi kutazamwa. Kukiona kunahitaji kubadilisha neno moja tu mwishoni:

```sql
SELECT index_id, page_count,
       avg_fragmentation_in_percent,
       avg_page_space_used_in_percent
FROM sys.dm_db_index_physical_stats(
     DB_ID(), OBJECT_ID('dbo.Miamala'),
     NULL, NULL, 'SAMPLED');
```

Mpangilio uliovurugika unamdhuru nani? Kwari inayotafuta rekodi moja kwa ufunguo wake hushuka kutoka mzizi wa indeksi hadi jani kwa hatua tatu au nne, na hatua hizo hazibadiliki hata kama majani yote yametawanyika. Haijali jirani wa ukurasa ni nani, kwa kuwa haiendi kwa jirani. Kurasa zilizokwisha kuingia kwenye kumbukumbu nazo hazijali, kwa sababu kumbukumbu hufikiwa popote kwa kasi ileile. Anayebaki ni msomaji wa aina moja tu: kwari inayopitia sehemu kubwa ya indeksi kwa mfuatano, na kurasa hizo ziwe bado ziko diskini. Hapo injini huomba kurasa za mbele kabla hazijahitajika, hadi kurasa 64 kwa mkupuo mmoja, yaani kilobaiti 512. Kurasa zikiwa zimetawanyika, mikupuo inakuwa midogo na mingi. Hasara hiyo ni ya kweli, siikani. Ila inahitaji masharti mawili yakutane, na katika mfumo wa miamala ambao kwari zake nyingi ni za kutafuta rekodi chache, masharti hayo hukutana mara chache sana.

Hapa hujitokeza pingamizi la haki: si kila ofisi ina diski za SSD, na seva nyingi bado zinazungusha sahani za chuma, ambako kichwa cha diski hupoteza muda kila kinaporuka. Ni kweli, na kwenye mashine yenye diski moja ya ndani, yenye kumbukumbu ndogo na ripoti ndefu za mwisho wa mwezi, mpangilio bado una thamani. Lakini hata hapo asilimia ya mtawanyiko haikuambii kwamba unaumia. Kinachokuambia ni subira za PAGEIOLATCH_SH zinazopanda wakati ripoti inaendeshwa, na muda wa kusoma faili unaoonekana katika `sys.dm_io_virtual_file_stats`. Subira hizo zikiwa chini, indeksi yenye asilimia 90 haina mgonjwa. Na kama diski ziko kwenye hifadhi ya pamoja inayogawanywa kwa seva nyingi, mpangilio ndani ya faili hauna uhusiano wa uhakika na mahali data ilipo kwenye sahani zenyewe, na maombi ya seva nyingine yanakivuta kichwa cha diski huku na huko hata kama faili yako imenyooka kabisa.

Pingamizi zito zaidi ni hili: tuliifanya, na mfumo ukawa na kasi. Wanaolisema hawakosei kuhusu walichokiona. Wanachokosea ni sababu yake. REBUILD ikiijenga indeksi isiyogawanywa katika sehemu, husoma kila rekodi, na ikiwa njiani hutengeneza upya takwimu za indeksi hiyo kwa kuhesabu data yote, si sampuli. Takwimu hizo ndizo injini inazotumia kukisia kwari italeta rekodi ngapi, na kwa makisio hayo inachagua mpango wa utekelezaji. Chukua jedwali la miamala lenye rekodi milioni 40 linaloongezeka kwa rekodi 100,000 kila siku. Kwa kanuni ya zamani, takwimu zilijisasisha zenyewe baada ya mabadiliko ya asilimia 20 na rekodi 500 juu yake, yaani rekodi 8,000,500 kwa jedwali hili. Kwa kasi hiyo ni siku 80. Ndani ya siku hizo zote, kwari inayouliza miamala ya leo inauliza tarehe ambayo takwimu hazijawahi kuiona, na kikadiriaji cha zamani hukisia kwamba italeta rekodi moja. Mpango unaofaa rekodi moja unapewa rekodi 100,000, na ripoti inayostahili sekunde chache inachukua dakika nyingi.

Sasa REBUILD inapita Jumapili. Takwimu zinajua kuhusu tarehe za wiki hii, mipango ya zamani inatupwa, injini inachagua upya, na Jumatatu kila mtu anafurahi. Sifa zote zinaenda kwa mtawanyiko uliopunguzwa, ilhali nafuu ile ile ingepatikana kwa mstari mmoja ambao haujengi chochote, haufungi jedwali dhidi ya wanaoandika, na hauandiki gigabaiti kwenye logi:

```sql
UPDATE STATISTICS dbo.Miamala WITH FULLSCAN;
```

Ushahidi mwingine wa jambo hili uko katika REORGANIZE yenyewe. Amri hiyo hupunguza mtawanyiko lakini haigusi takwimu. Kama mtawanyiko ndio ungekuwa ugonjwa, indeksi zilizopangwa upya zingetoa nafuu inayokaribia ya zile zilizojengwa upya, lakini wasimamizi wengi hulalamika kwamba REORGANIZE haina nguvu. Ni vigumu kuona kwa nini iwe hivyo, isipokuwa kwamba dawa ilikuwa ndani ya REBUILD muda wote na haikuwa ile iliyoandikwa kwenye chupa. Tangu toleo la 2016, kanzidata ikiwa katika kiwango cha ulinganifu 130 au zaidi, kizingiti cha kusasisha takwimu kimeshuka. Kwa jedwali letu ni mabadiliko 200,000, yaani siku mbili badala ya 80. Hata hivyo usasishaji wa kujiendesha hutumia sampuli ndogo kwenye majedwali makubwa, kwa hiyo ratiba ya takwimu bado ni kazi halali ya usiku. Ajabu ni kwamba ukiiendesha skripti ya Hallengren bila kuiambia lolote kuhusu takwimu, haizisasishi. Anayepunguza REBUILD bila kuweka ratiba ya takwimu mahali pake ataona mfumo ukizorota, na atarudi kwenye desturi akiamini imethibitishwa.

Wapo wanaokubali haya yote na bado wanasema: haidhuru kitu, usiku hakuna mtu. Tuhesabu basi. Kila rekodi ya jedwali letu ikiwa na baiti 200, na mbili zaidi za kuionyesha ilipo ndani ya ukurasa, kila ukurasa unabeba rekodi 40. Hiyo ni kurasa milioni moja, karibu gigabaiti 8. REBUILD huunda nakala mpya kamili kabla ya kufuta ya zamani, kwa hiyo faili linahitaji nafasi hiyo tena. Katika hali ya urejeshaji ya FULL, kazi yote inaandikwa kwenye logi, na logi hiyo yenye ukubwa unaokaribiana na indeksi lazima ihifadhiwe kama bakap na isafirishwe hadi seva ya akiba. Kwenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde, bila kubanwa, gigabaiti 8 huchukua karibu saa nzima, na kwa saa hiyo seva ya akiba iko nyuma. Maafa yakitokea wakati huo, miamala iliyosimama kwenye foleni nyuma ya ujenzi wa indeksi ndiyo itakayopotea. Bakap ya tofauti inayofuata nayo inavimba, kwa sababu kila kipande kipya cha faili kinahesabiwa kuwa kimebadilika ingawa hakuna rekodi hata moja iliyobadilika. Kisha kuna kufuli. Kujenga upya huku jedwali likitumika kunapatikana kwenye toleo la Enterprise. Kwenye Standard, ambalo ndilo ofisi nyingi zinaloweza kulilipia, kujenga upya indeksi kuu kunalifunga jedwali kwa wasomaji na waandishi wote hadi mwisho, na kujenga indeksi ya pembeni kunawazuia waandishi. Mfumo unaopokea malipo ya simu usiku na mchana hauna usiku wa kuutoa sadaka.

Kwa kuogopa hayo wengi hukimbilia REORGANIZE kama njia ya upole. Ina upole wake wa kweli: haifungi jedwali, hufanya kazi kwa miamala midogo, na ukiisimamisha katikati hupotezi kilichokwisha kufanyika, ilhali REBUILD ya kawaida ikikatwa inarudisha yote nyuma. Lakini ina kasoro ambayo kanuni ya 5 na 30 inaificha, na kasoro hiyo inauma zaidi kwenye indeksi zile ambazo hutawanyika zaidi. REORGANIZE hukusanya rekodi kutoka kurasa zilizo wazi na kuzijaza hadi kiwango cha ujazo kilichowekwa. Haiwezi kufanya kinyume chake. Ukurasa uliojaa kupita kiwango hauachiwi nafasi.

Tuangalie hilo kwenye jedwali letu, tukidhani ufunguo wake ni kitambulisho cha nasibu kinachozalishwa na NEWID(), kama waandishi wengi wa programu wanavyopenda. Kila rekodi mpya inaangukia ukurasa wowote kati ya milioni moja. Indeksi ikiwa imetoka tu kujengwa kwa ujazo wa asilimia 100, ambao ndio wa kawaida usipousema, kila ukurasa hauna nafasi hata ya rekodi moja. Rekodi 100,000 za siku ya kwanza zinaangukia takribani kurasa 95,000 tofauti, na kila mmoja unapasuka: nusu ya rekodi zake zinahamishiwa ukurasa mpya mahali pengine kwenye faili, kwa maandishi ya logi mengi kuliko ya kuingiza rekodi kwa kawaida. Ndani ya siku moja mtawanyiko umekwisha kuvuka asilimia 5. Jumapili ijayo ratiba inaikuta indeksi hiyo tena, inaibana tena hadi ijae, na Jumatatu mipasuko inaanza upya. Ratiba inatengeneza ugonjwa inaoutibu. REORGANIZE inafanya vilevile, kwa kuwa kurasa zilizopasuka na kubaki nusu tupu ndizo zingepokea rekodi za wiki ijayo bila kupasuka, nazo ndizo inazozijaza kwanza.

Sasa jenga indeksi ile ile mara moja kwa FILLFACTOR ya 90. Kila ukurasa unaanza na rekodi 36 na nafasi nne. Kurasa zinaongezeka kwa takribani 111,000, yaani karibu megabaiti 870 za ziada, na hiyo ndiyo gharama yote. Kwa wiki nzima ya kwanza, rekodi 700,000 zikitawanywa kwa nasibu, kurasa zinazopata rekodi tano au zaidi na kupasuka ni kama 500. Baada ya wiki mbili ni takribani asilimia 1 ya kurasa. Baada ya mwezi ni karibu asilimia 14, na mipasuko inashika kasi. Kwa indeksi hii, basi, ratiba yenye maana ni REBUILD kila baada ya wiki mbili au tatu, kabla wimbi halijafika. REORGANIZE haifai kabisa hapa. Namba hizi ni za jedwali hili: badilisha ukubwa wa rekodi au kasi ya kuingiza, na muda unabadilika. Kama programu inaweza kubadilishwa, kuhamia NEWSEQUENTIALID() au namba inayopanda kunaliondoa tatizo lote, kwani rekodi mpya zinaingia mwisho wa indeksi na kurasa za zamani haziguswi.

Ujazo ndio unaostahili ratiba, na sababu yake ni kumbukumbu. Kama vile daladala lenye nusu ya viti vitupu linavyochukua nafasi ile ile barabarani, ukurasa wenye rekodi 20 unachukua kilobaiti 8 kwenye kumbukumbu sawa na wenye 40. Indeksi ya ufunguo wa nasibu ikiachwa bila kuguswa hutulia karibu na ujazo wa asilimia 69. Kwa jedwali letu hiyo ni kurasa milioni 1.45 badala ya milioni moja, gigabaiti zaidi ya 3 za hewa tupu. Seva yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 itaumia kwa hilo kila saa, kwa kila aina ya kwari. Yenye gigabaiti 128 na kanzidata ndogo haitahisi chochote, na hapo nashauri iachwe ilivyo. Hali nyingine inayostahili ni ufutaji mkubwa: umefuta miaka mitatu ya rekodi za zamani zilizochanganyika na mpya, ujazo umeshuka hadi asilimia 40, na kurasa hizo hazitajazwa tena. Hiyo ni REBUILD ya mara moja, iliyopangwa kwa tarehe ya ufutaji. Indeksi za safuwima zina sheria zao, kwani REORGANIZE huko huunganisha vikundi vya rekodi na kuondoa zilizofutwa, kwa hiyo hoja zangu haziwahusu wanaozitumia kwa ripoti.

Linabaki pingamizi la watu wenye majukumu mengi: kupima kila indeksi kunahitaji mtaalamu na muda, ratiba ya jumla haihitaji chochote. Lakini kupima si kwa kila indeksi. Kwenye kanzidata nyingi majedwali machache ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kurasa, na `page_count` inayataja kwa dakika chache. Washa Query Store, iliyopo tangu 2016, acha ikusanye wiki mbili za hali ya sasa. Kisha simamisha ujenzi wote wa indeksi kwa wiki nne, lakini usiku uleule endesha usasishaji wa takwimu kwa FULLSCAN kwenye majedwali hayo makubwa. Linganisha muda wa kwari na idadi ya kurasa zilizosomwa kabla na baada. Kwari ambayo kurasa zake zinaongezeka wiki hadi wiki huku idadi ya rekodi inazorudisha haibadiliki inakuonyesha indeksi inayopoteza ujazo. Irudishe hiyo kwenye ratiba, peke yake, kwa FILLFACTOR na muda uliotokana na kasi yake ya kuingiza rekodi. Usiku wa zilizobaki uachie DBCC CHECKDB, ambayo kwenye seva nyingi imesukumwa hadi mara moja kwa mwezi kwa sababu ujenzi wa indeksi ulimaliza muda wote uliokuwepo.